Simba Hana Zamu
Na Fabiani Margwe

Jumamosi iliyopita nilikuwa nasubiri gari la kwenda Karatu mjini, nikaketi kwenye kijiwe cha bodaboda hapa Qurus. Abiria walikuwa haba. Vijana wanne walikuwa wakirusha sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Unataja upande wako, mwenzako anarusha, ikitua unakula au unaliwa.

Mmoja wao nilimfundisha hesabu darasa la sita. Alikuwa ameshikilia simba. Alianza na 200, ikatua Karume. Akaweka 400, Karume tena. Akaweka 800, kisha 1,600, kisha 3,200, na mara zote Karume. Shilingi 6,200 zilikuwa zimeshamtoka, na sehemu yake ilikuwa hesabu ya bosi mwenye pikipiki. Nikamwomba aishie hapo. Akanijibu kwa heshima, macho yake yakiwa kwenye sarafu: "Mwalimu, siwezi kuacha sasa. Karume katoka mara tano. Hii ni zamu ya simba." Akatoa 6,400 nyingine.

Neno hilo, zamu, limenisumbua wiki nzima, kwa sababu kijana yule si mjinga. Alijua kwamba Karume kutokea mara sita mfululizo ni jambo la nadra, na hapo alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa dogo kiasi kwamba wengi wetu hatulioni.

Tuhesabu pamoja. Ukirusha sarafu mara moja, kuna matokeo mawili. Ukirusha mara mbili, yanakuwa manne: Karume-Karume, Karume-simba, simba-Karume, simba-simba. Kila mrusho unaoongezeka huzidisha idadi hiyo mara mbili, kwa hiyo mirusho sita ina mifuatano 64, na yote ina uwezekano sawa. Mfuatano wa Karume sita ni mmoja tu kati ya hiyo 64. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo kijana kichwani: moja kwa 64, basi Karume wa sita hawezi kuja.

Lakini yeye hakuwa anasimama mwanzoni mwa mirusho sita. Mitano ilikuwa imeshapita. Sasa futa katika ile 64 kila mfuatano usioanza na Karume watano, maana hiyo haiwezekani tena. Inabaki miwili: Karume watano kisha Karume, na Karume watano kisha simba. Huo wa pili nao ni mmoja kati ya 64, nadra vilevile kama mwenzake. Miwili iliyobaki ni sawa kwa sawa. Yaani sehemu ngumu ya safari, wale Karume watano, imekwisha kutembewa; kilichobaki mbele yake ni mrusho mmoja wa nusu kwa nusu, kama ule wa kwanza kabisa.

Basi kwa nini moyo unakataa? Nadhani ni kwa sababu mambo mengi tunayoyashika kwa mikono hayafanani na sarafu. Jioni ile nilichukua bakuli jikoni nikatia maharage mekundu kumi na meupe kumi, nikamwambia mjukuu wangu achomoe bila kuangalia, na asirudishe anachotoa. Tuseme ametoa mekundu matano mfululizo. Ndani yamebaki mekundu matano na meupe kumi, kwa hiyo sasa kweli kabisa jeupe lina nafasi kubwa, mara mbili ya jekundu. Bakuli linapungua, na kupungua kwake ndiyo kumbukumbu yake. Sarafu haipungui. Ikitua Karume, upande wa Karume unabaki pale pale kwenye chuma, na upande wa simba hauongezeki uzito. Hakuna mahali ndani yake pa kuandika deni. Mwambie mjukuu arudishe kila harage analotoa na kulitikisa bakuli, nalo litakuwa kama sarafu.

Nimeshasikia pia hoja hii: "Lakini mwalimu, ulitufundisha kwamba ukirusha mara nyingi inakuwa nusu kwa nusu. Isipokuja simba, nusu itapatikanaje?" Hili linastahili jibu kamili. Tuseme baada ya Karume wale watano tunarusha mara 1,000 zaidi, na inagawanyika sawasawa, 500 kwa 500. Jumla Karume ni 505 kati ya 1,005, karibu asilimia 50.2. Hakuna simba aliyekuja kulipa wale watano. Bado wapo, ila wamezama katika wingi.

Kuna mtu aliyepima jambo hili kwa mkono wake. John Kerrich alikuwa mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Wajerumani walipoivamia Denmaki Aprili 1940 walimkuta huko akiwa mgeni, akawekwa kizuizini. Kambini alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Baada ya mirusho 100 alikuwa amepata vichwa 44, pungufu sita ya nusu. Mwisho wa mirusho yote alikuwa na vichwa 5,067, yaani 67 zaidi ya nusu. Tazama vizuri: pengo lilikua kutoka 6 hadi 67, lakini asilimia ilisogea kutoka 44 hadi chini kidogo ya 51. Na katika mirusho 2,000 ya kwanza, vichwa vinne vilifuatana mara 130. Mrusho uliofuata ulikuwa kichwa mara 69, na mkia mara 61. Kama mkia ungekuwa na zamu, hapo ndipo tungeiona.

Kitu kimoja tu kingeweza kubadilisha hesabu ya kijiweni: sarafu au mkono usio wa haki. Lakini hapo Karume watano mfululizo wangekuwa dalili ya kutufanya tumtarajie Karume wa sita, si simba. Kwa hiyo popote unapoigeuza, ile mitano haimpi simba hata chembe ya nafasi zaidi.

Haya hayaishii kijiweni. Hapa kwetu namjua mama mwenye mabinti watano, na ndugu za mume wanamwambia azae tena, eti safari hii lazima awe wa kiume. Duniani watoto wa kiume huzaliwa wengi kidogo kuliko wa kike, kama 105 kwa kila 100. Kwa hiyo mimba ya sita ina nafasi ya karibu nusu ya kuleta mtoto wa kiume, kama ya kwanza. Mwili wa mama yule ndio unaobeba gharama ya neno "lazima", na mimi naliona ni ukatili.

Nirudi kwenye benchi. Sarafu ilirushwa mara ya sita, ikazunguka, ikatua vumbini. Simba. Vijana wakapiga kelele, na mwanafunzi wangu akanigeukia akicheka: "Si nilikwambia, mwalimu?" Alikusanya pesa zake. Baada ya kuweka jumla ya shilingi 12,600 mezani, faida yake ilikuwa shilingi 200.

Nilitamani angekosa, kisha nikajilaumu kwa kutamani hivyo. Lakini hapo ndipo imani hii inapopata chakula chake. Kila anayesema "sasa ni zamu ya simba" atapatia nusu ya mara zote, na siku akipatia anakumbuka. Gari lilipofika nilimwacha akirusha tena, akianza upya na 200.