Kuuliza Bei au Kuisikiliza

Programu inayofuatilia bei huweza kuipata kwa njia mbili: ama huiuliza seva kila baada ya muda uliopangwa, kila swali likapata jibu lake na mawasiliano yakaishia hapo, ama hujiunga na mkondo, yaani hufungua muunganisho unaobaki wazi ili seva yenyewe itume taarifa kila bei inapobadilika. Imezoeleka kuuona mkondo kuwa ndio usasa na kuuliza kuwa kubaki nyuma. Hoja ya ukurasa huu ni kwamba uamuzi hutegemea namna bei yenyewe inavyotokea, pamoja na maana ya ukimya katika kila njia.

Mfano wa karibu ni bei ya mafuta katika Mkoa wa Pwani. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza kila mwezi bei kikomo, yaani kiwango ambacho kituo hakiruhusiwi kukivuka, na bei hiyo huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 6:01 usiku. Jedwali lake hutenganisha miji na wilaya, kwa kuwa gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini huingizwa katika hesabu, na kwa sababu hiyo msafirishaji mwenye malori Kibaha na Kisarawe husoma mistari miwili, si mmoja. Programu yake ikiuliza kila dakika kwa siku 30, itauliza mara 43,200 ili kugundua badiliko moja. Mkondo nao ungebaki wazi mwezi mzima ukingoja neno moja, na hata mkondo wa bei ya mafuta ghafi ya Brent usingemsaidia kujua atakacholipa kesho, kwa kuwa bei kikomo hukokotolewa kutokana na bei za mafuta yaliyosafishwa za kipindi kilichotangulia.

Kinachofaa hapa ni kuuliza kwa ratiba, na ugumu wote umo katika ratiba hiyo. Jumatano ya kwanza huangukia kati ya tarehe 1 na 7, hivyo mtu huandika katika cron, kipanga ratiba cha mifumo ya Linux, tarehe 1-7 pamoja na siku ya 3, akidhani masharti yote mawili lazima yatimie. Cron husoma kinyume chake: sehemu zote mbili zikiwekewa mpaka, hutosha moja kutimia, na kazi huendeshwa siku zote saba za mwanzo na kila Jumatano ya mwezi. Sharti la siku lihamishiwe ndani ya amri:

```
*/5 0-6 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 3 ] && ./soma-bei
```

Mstari huu huuliza kila dakika tano kuanzia usiku wa manane, mradi saa ya seva ni ya Afrika Mashariki. Ikiwa seva hufuata saa ya UTC, swali la kwanza litachelewa kwa saa tatu. Hatari kubwa zaidi ni jibu linalofika salama likiwa na bei ya mwezi uliopita, kwa kuwa ukurasa haujabadilishwa au nakala yake ya zamani imehifadhiwa njiani. Kwa hiyo programu isiridhike kwamba imejibiwa, bali isome tarehe ya kuanza kutumika iliyoandikwa katika tangazo, iendelee kuuliza hadi tarehe hiyo ibadilike, kisha inyamaze.

Hali hugeuka kwa mtu anayenunua na kuuza mikataba ya Brent yenyewe katika soko la ICE, ambako bei hubadilika mara nyingi ndani ya sekunde chache. Anayeuliza kila sekunde 60 hawezi kuona bei iliyopanda na kushuka ndani ya sekunde 20 katikati ya maswali mawili, na akiongeza kasi ya kuuliza, seva humkatalia kwa msimbo 429, wenye maana kwamba maswali yamezidi. Hapo mkondo ni wa lazima, lakini huja na tatizo ambalo muulizaji halijui. Swali lisilojibiwa hujulisha hitilafu papo hapo, ilhali ukimya wa mkondo waweza kumaanisha soko limetulia au muunganisho umekufa bila upande wowote kuarifiwa, na skrini hubaki na bei ya mwisho ikionekana hai.

Ndiyo sababu mikondo mizuri hutuma ishara ya uhai kwa vipindi hata kama bei haijabadilika, na kila taarifa hubeba namba ya mfuatano. Ishara ikikosekana, muunganisho ufungwe na kufunguliwa upya. Namba ikiruka kutoka 812 hadi 815, taarifa mbili zimepotea na kuendelea kujumlisha mabadiliko juu ya pengo hilo ni kujenga bei ya uongo. Programu makini husimama, huuliza mara moja hali kamili ya sasa, hutupa taarifa zote zenye namba isiyozidi ile ya jibu, kisha huendelea na zinazofuata. Maana yake ni kwamba hata mfuatiliaji wa mkondo hawezi kuachana kabisa na kuuliza.