Barua kwa mdogo wangu: mtaji wa kava usiupeleke kwenye levereji

Mdogo wangu anauza kava za simu kwa WhatsApp. Juzi kaniandikia anataka kutoa laki tano kwenye mtaji akatredi kripto kwa levereji ya mara 20. Nimemjibu kwa barua hii, na naiweka hapa maana najua hayuko peke yake.

Mdogo wangu,

Meseji yako nimeisoma yote, hadi zile skrinshoti za jamaa wa grupu. Sikukatazi kujifunza kripto. Ninachokataa ni hiyo namba 20 unayoiona kama zawadi. Unasema, "Dada, kwa laki tano napata nguvu ya milioni kumi." Ni kweli, ila hiyo nguvu ni mkopo, na mkopo una masharti. Tuyapigie hesabu kama tunavyopigia mzigo. Huko wanahesabu kwa dola, mimi nakuwekea shilingi ili uone vizuri.

Laki tano yako inakuwa dhamana. Unafungua oda ya milioni kumi ukisema Bitcoin itapanda. Ikipanda asilimia 5, umepata laki tano juu, na hapo ndipo jamaa anapiga skrinshoti. Ikishuka asilimia 5, hasara ni laki tano, yaani dhamana yote. Na soko halingoji ufike huko. Linataka dhamana kidogo ibaki, kwa hiyo sehemu nyingi oda ya mara 20 inafungwa kwa nguvu bei ikienda kinyume kama asilimia 4 na nusu. Hapo umeshapoteza 450,000, na kilichobaki kinaweza kuliwa na makato ya kufungwa. Ndiyo wenyewe wanaita kuunguza akaunti. Bei utakayofungwa huwa imeandikwa kwenye skrini, `Liq. Price`, na wengi hata hawaitazami.

Sasa Bitcoin kusogea asilimia 4 au 5 ndani ya siku moja au mbili ni kawaida yake. Haihitaji habari mbaya yoyote. Kwa hiyo ukiweka mara 20, unachobeti siyo tu kwamba bei itapanda. Unabeti kwamba itapanda bila kushuka kwanza. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Fikiria kava zako. Bei ikishuka mtaani wiki mbili, unaziweka kabatini, unasubiri, wateja wakirudi unauza. Kava ni zako, hakuna wa kukuharakisha. Kwenye levereji, aliyekukopesha anauza mzigo wako siku ile ile bei iko chini, kesho bei ikirudi wewe haumo. Unaweza kuwa umesoma soko sawasawa na bado ukaondoka mikono mitupu.

Mfano upo. Tarehe 10 Oktoba 2025, siku ya Ijumaa, kwetu ikikaribia saa sita usiku, Rais Trump wa Marekani alitangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China. Bitcoin ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 10 toka bei iliyokuwa nayo mchana ule, na koini ndogo zikaanguka zaidi. Ndani ya saa 24 oda za mkopo zilizofungwa kwa nguvu zilifika zaidi ya dola bilioni 19. Aliyekuwa na Bitcoin aliyonunua kwa hela yake mwenyewe aliamka na Bitcoin zile zile, thamani imepungua. Aliyeshika mara 20 akitegemea bei ipande, alifungwa amelala.

Kuna kingine kinachokula kimya kimya, nacho ni makato. Makato hayahesabiwi kwenye laki tano yako, yanahesabiwa kwenye milioni kumi. Sehemu nyingi ukiingia kwa haraka unakatwa kama asilimia 0.05. Inaonekana hela ya pipi, lakini kwa milioni kumi ni 5,000 kuingia na 5,000 kutoka. Hiyo 10,000 ni asilimia 2 ya mtaji wako kwa oda moja, hata kama bei haijasogea. Piga oda tano kwa siku, umelipa 50,000. Wewe unayebishana na bodaboda kwa buku, utakubali?

Hapo ndipo utamwelewa jamaa wa grupu. Masoko mengi yanamgawia aliyekuleta sehemu ya hayo makato kila unapotredi. Yeye ni dalali. Ukipata au ukikosa, kamisheni yake iko palepale, na oda ikiwa kubwa kamisheni inakuwa kubwa.

Usidhani ni dada yako tu mwoga. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya walitoa takwimu za mikataba ya kubashiri bei kwa mkopo, ya sarafu, hisa na vingine. Walikuta asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida zinapoteza hela. Wakaweka kikomo: kwa sarafu kubwa za nchi mara 30, kwa kripto mara 2 tu. Wewe unaanzia 20.

Sasa ujifunze nini kwanza? Anza na kuhesabu hasara kabla ya faida. Jiulize, nikikosea oda hii, nakubali kupoteza kiasi gani? Tuseme asilimia 2 ya laki tano, yaani 10,000. Halafu angalia chati, bei ikishuka kiasi gani utakubali kwamba umekosea? Tuseme asilimia 4. Gawanya 10,000 kwa asilimia 4, unapata 250,000. Huo ndio ukubwa wa oda yako.

Umeona? Ni nusu ya mtaji wako. Hukuhitaji mkopo hata wa shilingi moja. Ukianza na hasara, mara nyingi levereji inajitoa yenyewe kwenye hesabu. Anayeanza na faida ndiye anayeiona ya lazima. Ila na hii ijue: oda ya kujitoa inayoitwa `Stop Loss` inasaidia, lakini bei ikiporomoka kama usiku ule wa Oktoba, inaweza kukutoa chini kuliko ulipopanga.

Cha pili ni daftari, lile lile la mauzo. Laki tano irudi kwenye kava. Chukua 50,000 toka kwenye faida, siyo mtaji, ununue upande wa `Spot`, ambako unamiliki koini bila mkopo. Kila oda andika bei ya kuingia, sababu, bei ya kutoka, na makato. Zikifika 30, jumlisha. Kama daftari linaonyesha hasara bila mkopo, basi mara 20 ingekumaliza mapema tu. Kama linaonyesha faida baada ya makato, niletee tulikague pamoja, ndiyo tuzungumze kuongeza hela yako mwenyewe.

Na ule mzigo wa kava za Samsung uliosema umeisha, agiza wiki hii. Wateja wako wanaulizia.

Dada yako