Mkutano wa Saa Nne Kilindoni

Tangazo la mkutano wa ufafanuzi wa zabuni huwa fupi: tarehe, mahali, nani ahudhurie, mwisho wa kuuliza maswali. Kisiwani Mafia, mistari hiyo michache inaweza kumtoa mzabuni hata kabla hajaandika bei.

Tuchukue mfano wa zabuni ya kufikisha mifuko 400 ya saruji ya kilo 50, yaani tani 20, kwenye ghala la mradi nje kidogo ya Kilindoni. Tangazo linasema mkutano ni Jumatano saa 4:00 asubuhi, asiyehudhuria zabuni yake haitapokelewa, na maswali mwisho saa 10:00 jioni siku hiyohiyo. Mzabuni wa Kilindoni anafika kwa miguu. Wa Dar es Salaam itambidi ateremke Nyamisati, avuke siku moja kabla na kulala, au akate tiketi ya ndege. Bahari ikichafuka kwa upepo wa kusi, safari yake inaishia gatini.

Wanaotaka mahudhurio ya lazima wana hoja nzito. Asiyeijua Mafia hupiga hesabu ya lori kana kwamba anapeleka mzigo Morogoro. Anasahau kuvusha, kupakua, mifuko inayolowa, na gari la pili kutoka gatini. Anashinda kwa bei ya chini, kisha anakwama, na ujenzi unasimama.

Lakini dawa ya hilo si kumfungia mtu mlango. Nyaraka sanifu za zabuni za Benki ya Dunia zinahimiza mzabuni ahudhurie, ila kutohudhuria hakumwondoi. Badala yake, maswali na majibu huandikwa na kupelekwa kwa wote waliochukua nyaraka, bila kumtaja aliyeuliza. Hapo ndipo penye kinga halisi.

Mtu akiuliza, "Bei ni mpaka gatini au mpaka ghalani?" na ofisa akajibu kwa mdomo, "Mpaka ghalani," waliomo ukumbini wataongeza gharama, na asiyekuwepo ataonekana nafuu kwa kutojua tu. Zaidi ya hapo, jibu la mdomo halibadilishi nyaraka. Kinachozibadilisha ni nyongeza ya maandishi, na tangu mfumo wa NeST uanze kutumika mwaka 2023, kuifikisha kwa kila mzabuni hakuhitaji boti.

Kosa kubwa zaidi katika tangazo hili, kwa maoni yangu, ni ile saa 10:00 jioni. Maswali mazuri huzaliwa mtu akishaiona njia ya ghalani na kurudi kwenye daftari lake la bei. Apewe siku kadhaa baada ya mkutano, na nyongeza ikichelewa, tarehe ya kufungua zabuni nayo isogezwe.

Ofisa ununuzi, kabla hujatia saini tangazo, ulizia kwanza ratiba ya kivuko cha Nyamisati.