Risala ya Wafanyakazi wa Ghala na Usambazaji kwa Menejimenti kuhusu Rekodi za Taarifa za Kampuni

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, ndugu wajumbe wa menejimenti,

Wenzetu kadhaa wamepewa barua za kujieleza kwa kosa la kutomaliza kutazama rekodi ya utaratibu mpya wa posho ya safari. Tuliomba chati ya utazamaji, tukaonyeshwa. Tunasema kwa uchungu kwamba imesomwa vibaya.

Rekodi ina dakika 38. Mstari wa watazamaji unashuka taratibu, kama ilivyo kawaida ya video yoyote, hadi dakika ya 6. Hapo unaporomoka, na zaidi ya nusu ya waliobaki wanaondoka karibu kwa pamoja. Mtu aliyechoka huondoka kwa wakati wake. Wakiondoka wengi mahali pamoja, chanzo kitafutwe hapo hapo. Dakika ya 6 ndipo lilipoanza kusomwa jedwali la bajeti ya makao makuu, ambalo kwenye simu halisomeki. Agizo lililotuhusu, kwamba risiti zirejeshwe ndani ya siku 7, lilitajwa dakika ya 31.

Hapo mstari unapanda tena, kwa kuwa waliofika walirudisha nyuma na kusikiliza upya. Kurudia peke yake si ushahidi. Huenda mtu alikuwa ananakili. Lakini maswali yaliyomfikia mhasibu wa posho wiki ile yalikuwa ya aina moja: siku 7 zinahesabiwa tangu kuondoka au tangu kurudi? Rekodi haikusema.

Tazameni na saa za kutazama. Wengi walifungua usiku, baada ya zamu, kwa bando lao. Wimbi jingine lilikuja siku moja kabla ya malipo, watu wakiruka moja kwa moja hadi dakika ya 31 kwa sababu walishaelekezana. Hao walipata walichokihitaji, ila mfumo umewaandika kuwa hawakumaliza. Na zamu ya asubuhi iliyotazama pamoja kwenye simu ya msimamizi imehesabiwa kuwa mtazamaji mmoja.

Kwa hiyo tunadai barua zile ziondolewe kwenye majalada ya wahusika. Chati iwe ya kumpima aliyeandaa taarifa, naye aisome sambamba na maswali yaliyoulizwa, kisha atoe ufafanuzi ndani ya wiki. Majina ya watazamaji yasitumike katika nidhamu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi, na sisi hatukuwahi kuambiwa kwamba lengo ni adhabu.

Agizo litangulie dakika ya kwanza, bajeti iwe na rekodi yake, na maandishi ya ukurasa mmoja yabandikwe ghalani. Muda wa kutazama uwe ndani ya zamu, kwa intaneti ya kampuni.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya taarifa ya robo mwaka ijayo.

Wawakilishi wa wafanyakazi, ghala na usambazaji