Mshukiwa wa Kibombo anapoomba avoka

Ibara ya 19 ya Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 haina kigugumizi. Kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, katika hatua zote za kesi ya jinai, na hatua ya uchunguzi wa polisi imetajwa waziwazi. Ibara ya 18 inataka aliyekamatwa aambiwe haki zake papo hapo, aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na aachiwe awasiliane mara moja na familia yake au avoka wake. Lakini OPJ, yule afisa wa polisi anayechunguza makosa, hufanya kazi kwa kufuata Kanuni za mwenendo wa jinai za tarehe 6 Agosti 1959, na kanuni hizo hazimwambii afanye nini dakika ile mshukiwa anaposema, "Nataka avoka." Asimamishe maswali? Angoje mpaka lini? Aandike nini kwenye karatasi?

Tuchukue mfano wa kutunga, wa aina inayoweza kutokea katika mji wowote mdogo wa Maniema. Kijana wa Kibombo anakamatwa asubuhi kwa sababu ya baiskeli ya jirani. Anaingizwa kasho, halafu anaitwa mbele ya OPJ. Anasema: "Shefu, haiwezekani nimpigie kaka yangu Kindu, anitafutie avoka kwanza?" OPJ anamjibu kwamba mwenye ukweli hahitaji avoka, aseme tu. Kijana anasema. Baiskeli aliichukua, ndiyo, kwa sababu jirani hajamlipa deni lake la tangu msimu uliopita wa mpunga, na alimwambia mbele ya watu kwamba ataishika mpaka alipwe.

Mahojiano yamefanyika kwa Kiswahili, pengine na Kikusu kidogo. Prose-verbali, yaani PV, inaandikwa kwa Kifaransa, kwa mkono. Inatoka na sentensi moja: mshukiwa anakubali kwamba aliichukua baiskeli ya mlalamikaji bila ruhusa. Anasomewa kwa haraka, anatia kidole gumba, na OPJ anamalizia kwa kiapo kwamba karatasi yake ni ya kweli. Huenda hakudanganya hata neno moja. Ila deni limeachwa, na deni ndilo kiini cha kesi. Ibara ya 79 ya Kanuni ya adhabu inasema mwizi ni yule aliyechukua kitu kisicho chake kwa hila. Aliyeshika mali ya mdaiwa wake hadharani amekosea pengine, lakini wizi wake una mjadala mkubwa. Avoka angeuliza kuhusu hilo deni tangu swali la kwanza.

Na ombi la kumpigia kaka? Halimo. PV haikuandika kwamba aliomba, wala kwamba alikataliwa. Kesi ikifika Kindu na avoka akasimama kusema haki ya mteja wake ilivunjwa, hakimu ataangalia jalada na kuona mtu aliyesema kwa hiari yake. Litabaki neno la kijana dhidi ya kiapo cha afisa. Hapa ndipo naona kwamba haki ya avoka na kurekodi mahojiano ni jambo moja. Bila sauti iliyonaswa, ombi la avoka linaweza kufutwa na mtu yuleyule aliyelikataa.

Hata katika nchi zilizotutangulia, ombi la avoka limezua ubishi. Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1981, katika kesi ya Edwards dhidi ya Arizona, kwamba mshukiwa akiomba mwanasheria maswali yakome mpaka mwanasheria afike, isipokuwa mshukiwa mwenyewe aanze tena kuongea. Mwaka 1994, katika kesi ya Davis, mahakama hiyo ikaongeza sharti: ombi liwe wazi, lisiwe la kudokeza. Sharti hilo naliona la hatari likiletwa kwetu. Mtu aliyelelewa Maniema hamwamuru mwenye mamlaka. Humwita shefu, huuliza kwa upole, huanza na "haiwezekani". Upole huo ni adabu, hauna maana kwamba hajui anachotaka. Ikiwa sauti yote imerekodiwa, hakimu anayejua Kiswahili atasikia mwenyewe ombi lilivyokuwa, badala ya kuamini muhtasari wa Kifaransa.

Lakini si kila rekodi inasaidia. Rekodi ya dakika tano za mwisho, mtu akikiri baada ya saa nyingi za vitisho, ni mbaya kuliko kukosa rekodi, kwa sababu inamfanya aliyelazimishwa aonekane amekubali kwa moyo wake. Kwa hiyo kifaa kiwashwe kabla ya swali la kwanza. OPJ ataje tarehe, saa na wote waliomo chumbani, amweleze mshukiwa haki zake huku kifaa kinasikiliza, na kila mapumziko yatajwe kwa saa yake. Mwishoni ziwe nakala mbili. Uingereza, chini ya sheria yao ya mwaka 1984, nakala ya asili hufungwa kwa muhuri mbele ya mshukiwa mwenyewe, na polisi hutumia nakala ya pili kazini. Kinasa sauti kidogo, kadi za kumbukumbu, bahasha na chaji ya jua vinatosha kwa kituo kisicho na umeme. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika Mwongozo wa Kisiwa cha Robben wa mwaka 2002, ilizitaka nchi ziweke kumbukumbu kamili za mahojiano, pamoja na majina ya waliokuwepo, na zifikirie kurekodi sauti au picha.

Maafisa wana hoja moja nzito: maavoka wako Kindu, kama kilomita mia kwa reli au barabara mbovu, na Katiba inawapa saa 48 tu. Ni kweli. Hata Amri ya tarehe 3 Julai 1978 inayoongoza kazi ya OPJ iliona tatizo la umbali katika kumfikisha mtu parke. Ila umbali haumzuii mshukiwa kupiga simu. Pia haumlazimishi OPJ kukaa bure: anaweza kuwasikiliza mashahidi wa lile deni, kuitazama baiskeli, kumhoji mlalamikaji. Saa zikiisha, kijana aachiwe au apelekwe parke na jalada lenye ushahidi wa watu, hata kama yeye hajasema kitu. Kwa asiye na fedha, sheria ya mabaraza ya maavoka ya tarehe 28 Septemba 1979 inatambua msaada wa bure kwa maskini, na mtetezi wa mahakama anaweza kusimama pale avoka anapokosekana.

Wengine watasema basi turekodi tu, avoka atakuja baadaye. Siwaungi mkono. Kifaa kinahifadhi yaliyosemwa, hakimshauri mtu asiyejua kwamba deni lake ni utetezi.

Bunge la Kinshasa liandike katika Kanuni mambo mawili: mshukiwa akiomba avoka kwa maneno yoyote, maswali kuhusu kosa yakome na saa iandikwe, na maelezo yaliyochukuliwa baada ya ombi hilo, bila avoka na bila rekodi kamili, yasitumike dhidi yake. Kabla ya hapo, mwendesha mashtaka wa Kindu anaweza kuwaagiza OPJ walio chini yake waandike kila ombi la avoka kwenye PV, na kuirudisha PV yoyote isiyosema kama mshukiwa aliambiwa haki hiyo. Agizo hilo halihitaji bajeti wala kura ya Bunge.