Macaulay hakusema hayo, alisema mabaya zaidi



Kijana mmoja wa Kihoto, kule Naivasha, ametutumia makala nzuri kuhusu elimu ya mkoloni na hijabu shuleni. Tatizo ni mwanzo wake. Amemnukuu Lord Macaulay akiliambia bunge la Uingereza, tarehe 2 Februari 1835, kwamba alizunguka Afrika yote asione ombaomba wala mwizi, kwa hivyo watu hawa hawatatawalika mpaka elimu na utamaduni wao ving'olewe.

Hio nukuu wengi wetu tushaifowadi. Lakini hebu tuulize alivyouliza mtu wa hadithi: nani alimsikia, na alikuwa wapi siku hio?

Macaulay alifika India Juni 1834 na akakaa huko mpaka 1838. Tarehe 2 Februari 1835 alikuwa Calcutta. Safari ya meli mpaka London wakati huo ilikuwa ya miezi, sasa bungeni alisimama saa ngapi? Halafu kuna ile nukuu ya Wahindi: maneno ni yaleyale, ila palipo "Afrika" pameandikwa "India". Maneno yakibadilisha bara na tarehe ikabaki ileile, jua kuna mkono wa mtu.

Lakini tarehe yenyewe si ya kubuni. Siku hio Macaulay aliandika waraka wake kuhusu elimu ya India, na waraka upo, unasomeka mpaka leo. Ndani yake anataka pesa za serikali ziende kwa Kiingereza, si Kiarabu wala Kisanskriti. Anakiri mwenyewe kwamba lugha hizo mbili hazijui, kisha anadai rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya inashinda vitabu vyote vya India na Uarabuni.

Umeona? Ile ya uongo inatusifu. Ya kweli inaidharau lugha ya Qur'ani, na imeandikwa kwa mkono wake. Ukitumia ya uongo, mkuu wa shule atakuonyesha kosa hilo moja, na kesi nzima ya hijabu itaonekana porojo. Ukitumia ya kweli, atajibu nini?

Kwa wakubwa wa hapa kwetu njia ni ileile. Ukiambiwa mbunge kasema jambo bungeni, omba tarehe, kisha fungua Hansard ya siku hio kwenye parliament.go.ke. Kama ni mkutanoni, tafuta video nzima, manake kipande cha sekunde kumi kinaweza kukata swali aliloulizwa. Bango lenye picha yake na maneno pembeni si ushahidi. Usipopata mahali na siku, nukuu itoke.

Surat Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mkuu wa serikali tunayempinga naye ni mtu.

Makala ya Kihoto tumeirudisha ibadilishwe mwanzo. Tutaiposti ikirudi, inshallah.