Uniti Moja ya Shilingi 488

Kwa bei za stima zilizoanza kutumika Kenya mwezi Aprili 2023, nyumba iliyotumia uniti 100 kwa mwezi ililipa shilingi 1,630 kabla ya kodi na tozo nyingine. Nyumba ya pili, mlango wa pili, ikitumia uniti 101 ililipa shilingi 2,117.97. Uniti moja ni umeme wa pasi ya wati 1,000 iliyowaka saa moja. Basi saa hiyo moja ya kupiga nguo pasi iligharimu karibu shilingi 488, na bado VAT haijawekwa juu yake.

Hakuna aliyekosea kupiga hesabu hapo. Ndivyo utaratibu ulioidhinishwa na EPRA, mamlaka inayosimamia bei za nishati, unavyotaka. Mjadala wa mwaka ule ulihusu bei kupanda, na kelele zote zikaishia kwenye swali la uniti moja iuzwe shilingi ngapi. Jinsi ya kuzidisha bei hizo kwa uniti ilipita kimya kimya. Mimi nadhani kosa kubwa liko hapo, na ni kosa ambalo lingerekebishwa hata bila kushusha bei yoyote kwa senti moja.

Kwa bei hizo za 2023, madaraja yalikuwa matatu. Asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa uniti. Aliye kati ya 31 na 100 alitozwa 16.30. Aliyezidi 100 alitozwa 20.97. Ukiishia hapo, mfumo unaonekana wa haki kabisa, kwamba anayetumia kidogo analipa bei ndogo na anayetumia sana analipa kubwa. Lakini jedwali kama hilo linaweza kusomwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza niiite hesabu ya ngazi. Kila uniti inalipiwa bei ya daraja ilimoangukia. Uniti 30 za kwanza zinabaki na bei yao ya 12.22 hata ukitumia elfu moja, 70 zinazofuata zinalipiwa 16.30, na zinazozidi hapo ndizo pekee zinazolipiwa 20.97. Njia ya pili ni hesabu ya jumla. Unaangalia mteja ametumia uniti ngapi kwa ujumla, unamtafutia daraja moja, kisha bei ya daraja hilo unaizidisha kwa uniti zote, kuanzia ile ya kwanza. Kenya inatumia hii ya pili.

Tuchukue mteja mmoja tumpigie bili kwa njia zote mbili. Ni familia yenye friji ndogo, televisheni, taa na pasi, na mwezi huu imetumia uniti 110. Kwa hesabu ya ngazi, 30 za kwanza ni shilingi 366.60, 70 zinazofuata ni 1,141, na kumi za juu ni 209.70. Jumla ni shilingi 1,717.30. Kwa hesabu ya jumla hakuna vipande: 110 mara 20.97 ni shilingi 2,306.70. Jedwali ni lile lile na matumizi ni yale yale, ila bili zimepishana kwa shilingi 589.40.

Wanaotetea hesabu ya jumla wana hoja zao. Wanasema ni rahisi kueleweka, kwamba mteja mmoja ana bei moja. Wanasema pia kwamba bei nafuu imewekwa kwa ajili ya maskini, na hesabu ya ngazi ingempa hata tajiri wa Karen uniti 30 za bei ya chini kila mwezi. Na wanasema Kenya Power inahitaji mapato hayo.

Hoja ya urahisi hainisumbui sana. Kabla ya Julai 2018 Kenya ilikuwa ikitumia ngazi, ambapo uniti 50 za kwanza zililipiwa shilingi 2.50 kila moja na zilizofuata, hadi 1,500, zililipiwa 12.75. Wanaonunua tokeni wanakumbuka jinsi pesa za kwanza za mwezi zilivyoleta uniti nyingi na zile za baadaye zikaleta chache. Watu walinung'unika, ndiyo, lakini mashine zilipiga hesabu hiyo bila shida. Halafu wafanyakazi wote wa nchi hii wanakatwa kodi ya mapato kwa ngazi, na sijawahi kusikia mtu akidai ibadilishwe kwa kuwa ni ngumu. Mshahara hadi 24,000 kwa mwezi unatozwa asilimia 10, na 8,333 zinazofuata asilimia 25. Anayeongezwa mshahara kutoka 24,000 hadi 24,100 anakatwa shilingi 25 zaidi, kabla ya kuhesabu nafuu ya kodi. Kodi hiyo ingepigwa kwa hesabu ya jumla, nyongeza hiyo ya shilingi mia ingepandisha makato kutoka 2,400 hadi 6,025. Wafanyakazi wangekataa kuongezwa mshahara, na vyama vyao vingekuwa barabarani kabla ya jioni.

Hoja ya tajiri ndiyo inayonichosha. Inasikika kama haki, kumbe hesabu inaonyesha kinyume chake.

Rudi kwenye ile tofauti ya shilingi 589.40. Inatoka wapi? Uniti 30 za kwanza zimepandishwa kutoka 12.22 hadi 20.97, yaani shilingi 8.75 kwa kila moja, na hizo ni 262.50. Uniti 70 zilizofuata zimepandishwa kutoka 16.30 hadi 20.97, yaani 4.67 kwa kila moja, na hizo ni 326.90. Zinazozidi mia hazijaguswa, kwa sababu njia zote mbili zinazilipia bei ile ile. Kwa hiyo kila aliyevuka uniti 100, awe amevuka kwa moja au kwa mia tisa, anaongezewa shilingi 589.40 zile zile. Hazipungui wala hazizidi.

Sasa ziweke mabegani mwa watu wawili. Wa kwanza ametumia uniti 101. Kwa ngazi angelipa 1,528.57, na kwa jumla analipa 2,117.97. Bili yake imepanda kwa zaidi ya asilimia 38. Wa pili ana nyumba kubwa yenye hita za maji na mashine ya kufulia, na ametumia uniti 1,000. Kwa ngazi angelipa 20,380.60, na kwa jumla analipa 20,970. Yake imepanda kwa asilimia tatu hazijatimia. Hilo ndilo rungu tuliloambiwa limeinuliwa kumpiga tajiri. Limemkosa, likamwangukia mtu aliyenunua friji mwaka jana.

Kama nia ni kumnyang'anya tajiri unafuu wa uniti zake za kwanza, fanya hivyo waziwazi kwa kupandisha bei ya daraja la juu. Mteja wa uniti 1,000 ana uniti 900 juu ya mia. Ukiongeza senti 66 kwa kila moja ya hizo, 589.40 zote zimerudi na chenji juu. Aliyetumia uniti 101 angeongezewa senti hizo 66 tu. Mapato ya Kenya Power nayo yanaweza kulindwa kwa njia hiyo hiyo ya kupanga upya bei za ngazi. Kazi hiyo inahitaji hesabu za wateja walio katika kila daraja, na kampuni inazo.

Muuza jumla huko Gikomba au Kongowea anaijua hesabu ya jumla, ila yeye anaielekeza chini: kimoja shilingi 100, ukichukua dazeni ni 90 kila kimoja. Kumi na viwili ni 1,080 wakati kumi na kimoja ni 1,100, na mnunuzi anaongeza kimoja huku akicheka. Bei zikishuka, ukingo huo ni zawadi ya kumvuta mnunuzi. Zikipanda unageuka adhabu, na adhabu yenyewe inamwangukia aliye ukingoni, anayehesabu kila uniti.

Mambo yanazidi kuharibika kwa sababu daraja la mteja linapangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Mtu aliyetumia 95, kisha 95, kisha 115 mwezi wageni walipokuja, ana wastani wa karibu 102. Amevuka. Mwezi unaofuata anabana matumizi hadi uniti 90, lakini bei inayomngoja ni 20.97, kwa hiyo analipa shilingi 1,887.30 badala ya 1,467. Amefanya lile serikali inalomwomba kila siku, kupunguza matumizi, na bado anatozwa kwa ajili ya wageni walioshaondoka. Kwa ngazi, uniti 20 za ziada za mwezi ule zingelipiwa mwezi ule, basi.

Kisha kuna ploti. Nyumba nyingi za kupanga mijini zina mita moja ya landilodi na wapangaji kadhaa nyuma yake. Chukua familia tano, kila moja ikitumia uniti 25. Kila moja ingekuwa na mita yake ingekuwa katika daraja la chini kabisa na kulipa shilingi 305.50. Kwa mita moja wanaonekana kama mteja mkubwa wa uniti 125, na zote zinatozwa 20.97. Jumla ni 2,621.25, sawa na 524.25 kwa kila familia. Hesabu ya ngazi isingelimaliza tatizo hilo, kwani dawa yake ni kila mlango kuwa na mita, lakini ingeishusha bili ya ploti hadi 2,031.85, takriban shilingi 406 kwa kila mlango. Watu hawa ndio waliotajwa jina wakati bei nafuu ilipotetewa. Bei hiyo haijawahi kuwafikia.

Anayetaka kujua ametiwa daraja gani asisubiri kuelezwa. Ujumbe wa tokeni una sehemu iliyoandikwa `TknAmt` na nyingine iliyoandikwa `Units`. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Tozo na kodi ziko kando, kwenye `OtherCharges`. Jibu ndilo bei yako ya uniti. Fanya hivyo kwa tokeni mbili za miezi tofauti. Kama jibu limeruka kutoka bei ya daraja la kati hadi bei ya daraja la juu, umevuka ukingo, na uniti zako zote zimevuka nawe, pamoja na zile 30 za kuwashia taa.

Bei hizi zilipangwa kwa kipindi cha miaka mitatu, na sheria inaitaka EPRA kusikiliza wananchi kabla ya kuidhinisha bei mpya. Atakayesimama kwenye vikao hivyo asiombe bei ishuke, hilo litajibiwa kwa hotuba ndefu kuhusu gharama za mafuta na dola. Aombe maneno manne yaongezwe kwenye jedwali, mbele ya kila bei iliyo juu ya daraja la kwanza: kwa uniti zinazozidi tu. Kisha awasomee bili ya uniti 100 na bili ya uniti 101, aulize ni nani aliyetia saini.